Kadi ya kliniki ina surua mara mbili, chuo cha Marekani kinahesabu moja na kimemfungia mdogo wangu usajili

#1 KakaMkubwa_Tabata

Wakuu habari. Mdogo wangu wa kike amepata chuo jimbo la New York. Viza ya F-1 ameshapewa, tiketi ni ya tarehe 20 Agosti na masomo yanaanza tarehe 25. Jana kafungua potali ya wanafunzi ili achague masomo, akakuta alama nyekundu imeandikwa Immunization Hold, yaani kizuizi cha chanjo, na kitufe cha kusajili hakibonyezeki.

Kazaliwa 12 Mei 2006, na kadi yake ya kliniki mama aliitunza vizuri mpaka leo. Chanjo ya kwanza ya surua alichomwa 20/02/2007. Ya pili ilikuwa ya surua na rubella, kwenye ile kampeni ya Oktoba 2014. Nesi aliiandika nyuma ya kadi na kugonga mhuri. Tulituma pande zote mbili za kadi, na potali inaonyesha hivi:

```
Measles: 1 of 2
Mumps: 0 of 1
Rubella: 1 of 1
```

Mumps nimeelezwa kuwa ni matumbwitumbwi, na kweli kwenye kadi haipo. Lakini surua ziko mbili, naziona kwa macho yangu. Hiyo moja imepotelea wapi? Tumeandika barua pepe, majibu yanayokuja ni yale ya mashine tu.

#2 MzeeWaUghaibuni

Kijana, hapo mmekosea njia tangu mwanzo. Marekani haitaki kadi ya kliniki. Mdogo wako alitakiwa apite kwa daktari anayetambuliwa na ubalozi, achomwe sindano zote pale, apewe bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Mimi nilipita hukohuko na sikusumbuliwa popote. Mpeleke kesho, wiki haiishi mambo yamekwisha.

#3 Mama_Salha

Pole sana mwanangu. Hata mimi wa kwangu alipopangiwa kidato cha tano walimrudisha getini, fomu ya daktari haikuwa na mhuri wa hospitali ya serikali. Nendeni hospitali ya wilaya, mganga mkuu anajaza siku hiyohiyo. Shule yenyewe iko mkoa gani?

#4 KakaMkubwa_Tabata

Mama Salha, shikamoo. Ni chuo cha Marekani mama, fomu ya hapa nyumbani haiwasaidii.

#5 Nesi_wa_Ohaio

Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa wakubwa. Nafanya kazi kliniki ya wanafunzi, na kila Agosti kadi kama hizo zinapita mezani kwangu.

Mzee namba 2, njia unayoisema ni ya watu wa viza ya uhamiaji, yaani waliopata bahati nasibu ya green card au wanaofuata familia. Mwanafunzi wa F-1 hapimwi afya wala hachanjwi ili apewe viza. Masharti ya chanjo yanatoka kwenye sheria ya jimbo na kwa chuo chenyewe, ndiyo maana viza imetoka bila shida na kizuizi kimetokea kwenye usajili. Akienda kwa daktari wa ubalozi atalipa pesa nyingi kwa cheti ambacho hakuna aliyemwomba.

Kaka wa Tabata, angalia umri. Amezaliwa 12 Mei 2006, surua ya kwanza 20 Februari 2007. Hapo alikuwa na miezi tisa, kama ratiba ya Tanzania inavyotaka. Marekani wanahesabu dozi ya surua iliyotolewa mtoto akiwa ametimiza mwaka, na wanasamehe siku nne tu kabla ya hapo. Ile ya miezi tisa hawaiangalii kabisa. Kwa hiyo aliyeingiza taarifa alichukua ya 2014 peke yake, akaihesabu kuwa surua moja na rubella moja. Mashine imesoma sawasawa.

Sababu ni ya kitabibu. Mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake, na kinga hiyo inaweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo kinga ya mama inavyoisha na chanjo inavyoshika vizuri zaidi. Kwetu surua ilikuwa inaua watoto wengi kabla hawajafikisha mwaka, kwa hiyo kusubiri miezi kumi na miwili kulikuwa na hatari kubwa kuliko kuchanja mapema. Wao ugonjwa ulikuwa umeshapungua, wakaweza kusubiri. Nchi zote mbili zilifanya la busara kwa hali yake, lakini anayelipia tofauti hiyo ni mwanafunzi anayevuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

#6 Chuma_Chakavu

Maelezo mazuri dada, ila mimi naona ni biashara. Wanajua kabisa kadi zetu zikoje. Wanakufungia ili ukachomwe kwenye kliniki yao na bima yao ikatwe. Mbona hawawafungii wanafunzi wa kwao?

#7 Mtafiti_Moro

Chuma, wanawafungia. Kwa New York hilo ni sheria ya afya ya umma ya jimbo, kifungu cha 2165. Inamgusa kila mwanafunzi aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1957 anayesoma krediti sita au zaidi kwa muhula, awe mzaliwa wa Brooklyn au wa Bukoba. Inataka dozi mbili za surua, moja ya matumbwitumbwi na moja ya rubella. Hesabu ya kwenye potali ya mdogo wake mleta uzi ndiyo hiyohiyo, mbili, moja, moja.

Na hapo kuna unafuu ambao watu hawauoni. Anadaiwa surua moja na matumbwitumbwi moja. Sindano moja ya MMR ina vyote vitatu ndani yake. Achomwe mara moja tu, sheria imetimia.

#8 Doto_wa_Lesta

Huku Uingereza hawaulizi surua wakati wa viza, wanauliza TB. Ukitoka Tanzania au Kenya na unakuja kwa zaidi ya miezi sita lazima upigwe picha ya kifua kwenye kliniki waliyoiidhinisha, na cheti kinadumu miezi sita. Mimi ningekuwa yeye ningebadilisha nchi haha.

#9 Mwanafunzi_Eldoret

Wadau, kabla hajachomwa tena, muangalie tarehe. Mimi niko Iowa na kesi yangu ilikuwa ya tarehe tupu. Nilidungwa MMR Eldoret mwezi wa nane, daktari akaandika 09/08. Marekani wanaanza na mwezi, wakasoma tarehe 8 Septemba. Siku ninapakia karatasi tulikuwa bado katikati ya Agosti. Mfumo ukasema chanjo ina tarehe ambayo haijafika, ukaikataa bila kunieleza lolote zaidi ya neno Rejected. Nilibaki nikifikiri mhuri ndio mbaya.

Sasa angalia ya mdogo wako, 20/02/2007. Kwa macho ya Mmarekani huo ni mwezi wa ishirini, na mwezi wa ishirini haupo. Pengine hiyo ndiyo sababu hawakuihesabu, si mambo ya miezi tisa.

#10 Nesi_wa_Ohaio

Eldoret, hoja yako ni nzuri na nimeshaiona ikiwaumiza wengi. Kwa hiyo ya 2007, hata tarehe ikisomwa sawa haitahesabiwa. Lakini ushauri wenyewe ushikwe: mwezi uandikwe kwa herufi. 09 AUG 2025 haina mtu wa kuisoma vibaya.

Mtafiti namba 7, sheria umeisoma sawa, ila tahadhari moja. Sheria ya jimbo ni kiwango cha chini na chuo kinaruhusiwa kudai zaidi. Vyuo vingi vinataka MMR mbili kamili zilizopishana siku 28 au zaidi, wala haviangalii surua peke yake. Potali imeandika 0 of 1 kwa matumbwitumbwi, kwa hiyo inaelekea chuo hiki kinafuata kipimo cha jimbo. Hata hivyo aulize kwa maandishi kama dozi moja inatosha, asije akafika huko akaambiwa habari nyingine.

#11 BintiPemba

Assalaam alaykum. Nilisoma Texas, huko walinibana na homa ya uti wa mgongo. Kama hujafikisha miaka 22 lazima uwe umechanjwa ndani ya miaka mitano iliyopita, na sindano iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Hizo siku kumi ndizo zinazowakamata watu. Wanachomwa wiki ya kuondoka, wakifika wanaambiwa wasubiri.

Mimi niliipata kwa urahisi kwa sababu ndiyo chanjo ileile wanayochomwa mahujaji, ya aina nne A, C, W na Y. Saudia nao wanataka siku kumi kabla ya kufika. Anayeitafuta aulize wanakochanjwa watu wa Hija na Umra.

#12 Nesi_wa_Ohaio

Umesema vyema Binti Pemba. Kwenye chanjo ya mahujaji angalieni jina lililoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu iko ya kizazi cha zamani na iko mpya, na vyuo vya huku vinapokea hiyo mpya, ile inayoitwa conjugate kwenye boksi lake. New York hawalazimishi chanjo hiyo kwa sheria, wanataka mwanafunzi asome maelezo na kujaza fomu kuwa amechanjwa au amekataa. Fomu hiyo isipojazwa nayo inaleta kizuizi. Nimeona mtu anahangaika na surua wiki nzima, kumbe kilichobaki ni kuweka tiki kwenye kiboksi.

#13 MzeeWaUghaibuni

Sawa binti, hilo la bahasha nimelipokea, mimi nilikwenda kwa green card. Lakini kadi ya njano si anayo? Ile ya homa ya manjano ni ya kimataifa, inatambulika dunia nzima.

#14 Mtafiti_Moro

Mzee, kadi ya njano inathibitisha homa ya manjano. Marekani haiombi chanjo hiyo kwa mtu anayeingia kutoka popote, na kwenye surua haimsaidii. Faida yake ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, hivyo asikitupe, kuna nchi nyingine zitakiuliza.

#15 Chuma_Chakavu

Basi apime damu. Matumbwitumbwi nani hajaugua kwetu? Tulipakwa masizi mashavuni tukapona. Kinga anayo tayari. Kwa nini achomwe kitu ambacho mwili unakijua?

#16 Nesi_wa_Ohaio

Chuma, safari hii uko karibu na ukweli. Kipimo cha kinga, tunachokiita tita, kinakubalika New York badala ya chanjo. Wanatazama IgG, yaani kingamwili za kwenye damu, ya kila ugonjwa peke yake, na karatasi ya maabara yenyewe ndiyo inayotakiwa, yenye namba na kiwango cha maabara. Barua ya daktari kwamba mgonjwa ana kinga haitoshi.

Shida ni kwamba jibu linaweza kuja la katikati, si ndiyo wala hapana, na chuo kinalisoma kama hapana. Hilo linatokea sana kwenye matumbwitumbwi. Hapo umelipa maabara, umepoteza siku, na sindano bado unaihitaji. Kwa mtu mwenye wiki mbili kabla ya safari mimi ningechagua sindano. MMR kwa mtu aliye na kinga tayari haimdhuru. Anayekatazwa hasa ni mjamzito na mwenye kinga ya mwili iliyoshuka sana, kwa sababu virusi vilivyomo ni hai ingawa vimedhoofishwa. Hao chuo kinawakubalia kwa barua ya daktari.

Nina swali muhimu zaidi kwa mleta uzi. Potali imetaja TB? Maana kama imetaja, mpangilio wa sindano na kipimo una umuhimu. Chanjo hai kama MMR inaweza kukififisha kipimo cha TB kwa wiki nne, kikaonyesha hana TB wakati anayo. Ama damu ya TB itolewe kabla ya sindano, ama siku ileile ya sindano, ama asubiri wiki nne kamili. Asichomwe leo akapime wiki ijayo.

#17 Siti_Mgeni

Samahani kuingilia. Nimesikia New York wamefuta msamaha wa dini tangu 2019. Kuna ndugu yetu dini yake haimruhusu kuchanjwa, ndiyo basi tena?

#18 Mtafiti_Moro

Siti, kilichofutwa Juni 2019, baada ya mlipuko wa surua Brooklyn na kaunti ya Rockland, ni msamaha wa dini kwa watoto wa shule, kuanzia chekechea mpaka sekondari. Kifungu cha vyuo ni kingine na msamaha huo bado umo. Ila surua ikizuka chuoni asiyechanjwa anaweza kuondolewa madarasani mpaka itulie.

#19 KakaMkubwa_Tabata

Wakuu, asanteni sana. Nimewasomea nyumbani, mama kaishika kadi anahesabu miezi kwa vidole, akasema kweli, alikuwa na miezi tisa.

Yaliyotokea ni haya. Jumamosi tarehe 9 Agosti mjomba alimpeleka hospitali binafsi yenye MMR, maana vituo vya kawaida vina ya surua na rubella tu. Kachomwa. Damu ya TB hawakuchukua, waliambiwa mirija maalumu ya kipimo hicho imekwisha, na mjomba akaona bora sindano ipatikane kuliko kukosa vyote. Karatasi imepakiwa siku hiyohiyo jioni. Leo ni siku ya tatu, potali inasema Pending na ile Hold bado iko palepale. Na Nesi, ulipouliza nikaenda kutazama tena, chini kabisa kuna mstari wa TB Screening, nao ni mwekundu.

#20 Mwanafunzi_Eldoret

Karatasi imeandikwaje tarehe?

#21 KakaMkubwa_Tabata

09/08/2025.

#22 Mwanafunzi_Eldoret

Nilijua tu. Kwao hiyo ni tarehe 8 Septemba. Sindano ambayo haijachomwa bado. Rudini kwa daktari aandike upya mwezi kwa herufi, ama umwambie mdogo wako aingize mwenyewe 08/09/2025 kwenye fomu ya potali, halafu karatasi iambatane na maelezo mafupi.

#23 Chuma_Chakavu

Sikubaliani. Ingekuwa tarehe ingesema Rejected kama yako. Pending maana yake hakuna mtu aliyefungua hiyo karatasi. Agosti wanapokea maelfu. Bila kupiga simu watabaki hivyohivyo.

#24 Doto_wa_Lesta

Au lugha. Kadi ya kliniki imeandikwa surua, donda koo, pepopunda. Nani huko anajua donda koo ni nini? Itafsiriwe kwa mhuri.

#25 Mtafiti_Moro

Doto, kadi wameshaisoma, la sivyo wasingeipa 2014 hesabu ya surua na rubella. Kwa hiyo lugha siiamini. Mimi nashuku jina. Pasipoti yetu ina majina matatu, chuo kinatumia la kwanza na la ukoo, na hospitali ya Dar kama kawaida imeandika mawili ya mwanzo. Karatasi yenye jina la baba mahali pa jina la ukoo inakwenda kwenye faili la mtu asiyekuwepo. Iwekwe namba ya mwanafunzi na tarehe ya kuzaliwa kila ukurasa.

#26 Nesi_wa_Ohaio

Yote manne nimewahi kuyaona, siwezi kuapa ni lipi. Kwa uzoefu wangu Pending ya siku tatu katikati ya Agosti ni foleni tu, lakini tarehe irekebishwe leo bila kusubiri, kwa sababu karatasi ikifika zamu yake ikiwa na tarehe ya mbele itarudishwa mwisho wa foleni.

Sasa TB, hapa tulieni mnisikilize. Sheria ya New York haimdai mwanafunzi kipimo cha TB. Hiyo ni kanuni ya chuo kwa wanaotoka nchi zenye wagonjwa wengi, na vyuo vingi vinaweka mstari kwenye wagonjwa 20 kwa kila watu laki moja kwa mwaka. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote ziko juu ya mstari huo kwa mbali.

Kachomwa MMR tarehe 9 Agosti. Siku 28 zinaishia tarehe 6 Septemba. Akitoa damu kabla ya hapo na jibu likaja safi, kliniki makini italikataa na kumwambia arudie. Masomo yanaanza tarehe 25 Agosti, kwa hiyo atafika chuoni bila kipimo. Hilo lisiwatishe, ila lazima lishughulikiwe kwa maandishi. Aandikie kliniki ya chuo: nimechomwa MMR 9 Agosti, naomba miadi ya kutoa damu ya QuantiFERON, kile kipimo cha TB cha damu, kuanzia 6 Septemba kwenye kliniki yenu, naomba kizuizi kiondolewe kwa muda. Barua ya namna hiyo inaonyesha anajua anachofanya, na mara nyingi wanakubali.

#27 Baba_Jei

Nisaidieni hapo. Kwa nini atoe damu wakati kuna kile kipimo cha kuchoma mkononi? Mimi nilichomwa mkono, ukavimba, wakaniambia nina TB. Nilikaa na hofu mwezi mzima, kumbe sina. Nilimaliza masomo na kifua changu ni kizima hadi leo.

#28 Nesi_wa_Ohaio

Baba Jei, wewe una kovu la BCG, ile chanjo ya TB, begani, sivyo? Sisi tunachanjwa BCG tukizaliwa, na kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo. Kipimo cha damu kinatafuta protini ambazo BCG haina, hivyo chanjo haikidanganyi. Ndiyo maana Mtanzania au Mkenya aombe cha damu. Wakimwambia cha mkono ni bei nafuu, akumbuke kwamba kikivimba atalipa cha damu na picha ya kifua juu yake.

Na jibu la damu likisema ndiyo, bado si kwamba anaumwa. Lina maana vijidudu vimewahi kuingia mwilini. Anapigwa eksirei ya kifua, ikiwa safi na hana kikohozi wala homa wala kupungua uzito, anaruhusiwa kuingia darasani. Anashauriwa dawa za kinga, kwa mfano rifampisini kila siku kwa miezi minne, au dawa mbili mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na mbili. Hakuna anayerudishwa nyumbani kwa hilo.

#29 Chuma_Chakavu

Sawa, lakini hamjaligusa kubwa. Huyu ni F-1. Asiposajiliwa krediti kumi na mbili viza yake inakuwaje? Mzawa akifungiwa anakaa kwao anasubiri. Huyu anasubiria wapi?

#30 Mtafiti_Moro

Hapo Chuma umepiga penyewe. Chuo kinatakiwa kumsajili kwenye SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20 yake, ile fomu ya chuo aliyoombea viza. Kama ni 25 Agosti, mwisho ni 24 Septemba. Na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida anatakiwa awe na krediti kumi na mbili. Kizuizi cha chanjo kikikaa mpaka hapo, tatizo la kliniki linageuka tatizo la uhamiaji.

Upande wa pili, kifungu 2165 chenyewe kinamruhusu mwanafunzi kuhudhuria siku 30 wakati anakamilisha, na anayetoka nchi nyingine au jimbo lingine anaweza kuongezewa mpaka 45 kama anaonyesha juhudi. Kwa hiyo sheria haikukiagiza chuo kufunga kitufe kabla ya siku ya kwanza, chuo kimejiamulia. Hilo la kujiamulia linaombeka.

#31 Nesi_wa_Ohaio

Naongeza moja tu. Barua asiitume kliniki peke yake. Nakala iende ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa sababu wale ndio wanaoijua tarehe 24 Septemba. Kliniki inaona chanjo tu, haioni SEVIS. Kila nilipoona kizuizi kinaondoka haraka, ofisi hiyo ilikuwa imepiga simu.

#32 Mama_Salha

Nimefuatilia mpaka hapa. Na mimi nina kadi tatu za watoto kabatini, wa mwisho kazaliwa 2015. Naye itakuwa hivyohivyo?

#33 Nesi_wa_Ohaio

Mama Salha, huyo wa 2015 ana nafuu. Tangu 2014 Tanzania inachanja surua na rubella kwa miezi tisa na tena kwa miezi kumi na minane. Ile ya miezi kumi na minane inahesabika. Atakuwa na surua moja na rubella moja, atakosa matumbwitumbwi. Hakikisha tu ya pili imeandikwa kwenye kadi, watoto wengi wanapelekwa ya kwanza na ya pili inasahaulika.

#34 KakaMkubwa_Tabata

Mrejesho wakuu. Daktari ameandika karatasi upya, 09 AUG 2025, majina matatu kama pasipoti, na namba ya mwanafunzi juu. Barua imekwenda kliniki na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Leo asubuhi potali ni hivi:

```
Measles: 2 of 2
Mumps: 1 of 1
Rubella: 1 of 1
TB Screening: Incomplete
```

Hold haijatoka, lakini kitufe cha kusajili sasa kinabonyezeka. Amechukua krediti kumi na mbili. Hatujui kama ni tarehe, jina, foleni au simu ya mtu. Kliniki wamempa miadi ya damu tarehe 8 Septemba.

#35 Mwanafunzi_Eldoret

Ni tarehe hiyo.

#36 Chuma_Chakavu

Ni simu hiyo.

#37 Siti_Mgeni

Hongera kwake. Hiyo Hold ikiwa bado ipo, muhula wa Januari itamfungia tena?

#38 Nesi_wa_Ohaio

Itamfungia, tena usajili wa Januari unafunguliwa mapema, mara nyingi Novemba au hata kabla. Baada ya damu ya tarehe 8 asiache mpaka aone mstari wa TB umebadilika, na jibu la maabara alipakie mwenyewe hata kama damu imetolewa kwenye kliniki ya chuo. Maabara na potali mara nyingi hazizungumzi.